Biskuti za Ute wa Yai na Machozi Yake

Katika biskuti zote hakuna iliyo na vitu vichache kama merengi, yaani povu la ute wa yai na sukari lililokaushwa motoni. Wala hakuna inayosumbua zaidi hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, hasa wakati wa Masika, Machi hata Mei, hewa ijaapo maji. Sukari huyavuta maji hayo, na biskuti iliyokuwa kavu asubuhi hunata jioni.

Twaanza na kipimo. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, basi tusihesabu mayai, tupime ute kwa mizani. Sukari iwe mara mbili ya uzito wake: ute gramu 75, ambao ni wa mayai kama matatu ya kienyeji, wataka sukari gramu 150. Sukari ya rangi ya udongo haifai, kwani hutia biskuti rangi na huvuta unyevu zaidi. Itafutwe nyeupe, itwangwe katika kinu kikavu, ichekechwe.

Bakuli lisiwe na mafuta, wala tone la kiini lisiingie, maana povu halitainuka vema. Tutie matone machache ya ndimu, tupige ute mpaka usimame laini, ndipo tutie sukari kijiko kimoja kimoja, tukipiga daima. Kisha tusugue povu kidogo kati ya vidole viwili. Tukisikia chembe, tuendelee kupiga. Chembe zisizoyeyuka ndizo zivutazo maji ya ute, na baadaye asali nyembamba huchuruzika chini ya biskuti. Hayo ni machozi ya kwanza.

Machozi ya pili ni matone ya rangi ya dhahabu juu ya biskuti. Hayo yatoka kwa moto mwingi: ute hukazana upesi na kukamua maji yake. Moto huohuo huivimbisha biskuti ghafula, ikapasuka. Kwa hiyo kazi yetu ni kukausha, si kuoka. Joto la nyuzi 90 hata 100 latosha, kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Wenye sufuria ya mchanga na makaa waache makaa machache tu, juu na chini, na mfuniko uinuliwe kidogo ili mvuke upate njia. Wengi huusahau mwanya huo. Biskuti zikianza kuwa manjano katika nusu saa ya kwanza, makaa yapunguzwe mara moja.

Biskuti iliyokauka hung'oka katika karatasi bila kushikwa na kitu. Hata hivyo isitolewe upesi, maana baridi ya ghafula nayo huipasua. Ipoe humohumo, kisha iingizwe katika mkebe wenye kifuniko kinachobana. Ikilainika kwa mvua, irudishwe katika moto mdogo nusu saa, nayo itakuwa kavu tena ikipoa.