Hati ya Bei ya Mkandarasi: Namna ya Kuipanga na Kuisoma Kabla ya Kukubaliana

Mwananchi anayetaka kujenga uzio wa kiwanja chake huomba bei kwa wakandarasi wawili au watatu, kisha huwekewa mezani karatasi zisizofanana. Moja ina mstari mmoja tu: "Kujenga uzio mita 40, shilingi 6,500,000." Nyingine ina kurasa mbili, na mwisho wake imeandikwa shilingi 9,837,660. Wengi huichukua ya kwanza bila kusita. Hata hivyo, katika mfano unaoelezwa hapa, karatasi hizo mbili zina bei ileile kwa kazi ileile.

Hati ya bei, ambayo mafundi wengi huiita kotesheni, ni ahadi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mwenye kazi anapoikubali kama ilivyo huwa mkataba umefungwa. Kwa sababu hiyo, jambo ambalo halikuandikwa ndani yake huwa gumu kudaiwa baadaye na upande wowote.

Mfano wenyewe ni uzio wa matofali ya saruji ya inchi sita, wenye urefu wa mita 40 katika mstari ulionyooka na kimo cha mita mbili juu ya ardhi. Bei zilizotumika ni za kuonyesha hesabu tu, kwa kuwa hutofautiana kati ya mkoa na mkoa. Mkandarasi wa pili aliipanga kazi hivi:

1. Kuchimba msingi, upana sm 60 na kina sm 75: mita za ujazo 18 kwa 15,000 = 270,000
2. Zege la msingi la unene wa sm 15, uwiano 1:3:6: mita za ujazo 3.6 kwa 250,000 = 900,000
3. Ukuta wa msingi hadi usawa wa ardhi: mita za mraba 24 kwa 40,000 = 960,000
4. Ukuta juu ya ardhi: mita za mraba 80 kwa 38,000 = 3,040,000
5. Nguzo za zege zenye nondo: 14 kwa 95,000 = 1,330,000
6. Plasta pande zote mbili: mita za mraba 160 kwa 9,000 = 1,440,000

Jumla ya kazi ni shilingi 7,940,000. Anayezisoma namba hizi atatambua kwamba vipengele vitano vya mwanzo, yaani uzio usio na plasta, vinafikia shilingi 6,500,000 kamili. Hiyo ndiyo bei ya mkandarasi wa kwanza. Hakudanganya, hakuandika tu kwamba plasta haimo, wala mwenye kazi hakuuliza. Mgogoro huanza siku ukuta unapokamilika na kila mmoja kuamini kuwa mwenzake ndiye anayedaiwa.

Kila kipengele katika hati nzuri huwa na maelezo ya kazi, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja na jumla yake. Kipimo humwezesha mwenye kazi kwenda na futi kamba na kuhakiki mwenyewe. Aidha, chini ya orodha huandikwa yasiyohusika. Katika mfano huu ni geti, rangi, maji ya ujenzi na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri.

Baada ya jumla ya kazi huja fedha za dharura, hapa asilimia 5, sawa na shilingi 397,000. Fedha hizi mara nyingi hueleweka vibaya. Si nyongeza ya faida ya mkandarasi, bali hubaki mikononi mwa mwenye kazi na hutumika kwa idhini yake ya maandishi pale linapotokea jambo lisilotarajiwa, kwa mfano msingi kukuta udongo laini unaolazimu kuchimba zaidi. Zisipotumika, hazilipwi. Jumla ndogo inakuwa shilingi 8,337,000.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, sawa na shilingi 1,500,660, huongezwa mwishoni na kuonyeshwa katika mstari wake. Mkandarasi asiyesajiliwa kwa kodi hiyo haruhusiwi kuitoza, na hati yake ingeishia kwenye shilingi 8,337,000. Hivyo anayelinganisha bei aangalie kwanza iwapo zote zina kodi au zote hazina.

Muda wa uhai wa bei ni mstari mfupi unaosahaulika zaidi. Bei ya shilingi 38,000 kwa mita ya mraba ya ukuta imejengwa na matofali 18,900, saruji na mchanga 5,100, ufundi 9,000, na gharama za uendeshaji pamoja na faida 5,000. Mita moja ya mraba huhitaji takribani matofali tisa. Kwa mita 80, pamoja na asilimia 5 ya yatakayovunjika, ni matofali 756. Tofali likipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,400, mkandarasi hupoteza shilingi 302,400 katika kipengele hicho pekee, ambacho kilimwachia shilingi 400,000 za uendeshaji na faida. Mkandarasi aliyebanwa hivyo mara nyingi hupunguza saruji kwenye mchanganyiko, na hasara humrudia mwenye ukuta.

Kwa hiyo huandikwa: "Bei hii ni halali kwa siku 30 kuanzia tarehe ya hati." Sheria ya Mikataba inaeleza kuwa ahadi hukoma muda uliotajwa unapopita, usipotajwa, hukoma baada ya muda wa kadiri, na kadiri hiyo ndiyo watu hubishania.

Masharti ya malipo nayo hufungwa kwenye hatua zinazoonekana kwa macho, si kwenye tarehe. Mkandarasi wa mfano huu aliomba asilimia 25 ya awali, asilimia 25 msingi unapofika usawa wa ardhi, asilimia 30 ukuta na nguzo zinapofikia kimo, asilimia 15 plasta inapokamilika, na asilimia 5 iliyobaki baada ya miezi sita. Kodi huongezwa juu ya kila awamu.

Malipo ya awali ni shilingi 1,985,000, ilhali msingi mzima una thamani ya shilingi 2,130,000. Maana yake, msingi ukikamilika, mwenye kazi hajalipa zaidi ya kilichojengwa. Malipo ya awali yanayofika nusu ya kazi yangevunja uwiano huo, na mkandarasi akitoweka msingi ukiwa umechimbwa tu, hasara ni kubwa. Asilimia 5 ya mwisho ni fedha ya zuio. Kwa hesabu inalingana na fedha za dharura, lakini hii ni haki ya mkandarasi iliyocheleweshwa ili arudi kurekebisha nyufa au plasta inayobanduka katika kipindi cha matazamio.

Hati hukamilishwa kwa tarehe, namba yake, sahihi, pamoja na namba ya usajili wa mkandarasi katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi na daraja lake, ambavyo mwenye kazi anaweza kuvihakiki kwa Bodi. Kwa kazi za taasisi za umma utaratibu ni tofauti: bei huwasilishwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, na karatasi inayopelekwa mkononi ofisini haichukui nafasi yake.