Wipa Inajikokota ama Imekwama Katikati ya Kioo? Soma Hii Kabla Ununue Mota Mpya

Kama umewahi kuendesha njia za Merigi jioni, unajua rada ya mvua ya huku. Asubuhi jua limewaka, saa tisa mawingu yanaanza kuja, saa kumi maji yanamwagika kama mtu amepindua ndoo. Uko kwa mteremko, lori ya majani chai inakuja mbele yako, na wipa inapanda kioo pole pole kama mzee anapanda ngazi. Halafu inasimama katikati. Hapo huoni kitu, manze.

Ukifika kwa fundi, mara nyingi neno la kwanza ni "mota imekufa, tafuta doh." Pengine ni ukweli. Lakini mota ni kitu kimoja tu kati ya vitu vitano vinavyoweza kufanya wipa ikatae kazi, na kuvipima vingine hakuhitaji pesa mob. Unahitaji mita ya kupima volti, bisibisi, spana chache na saa moja hivi.

Tuchukue mfano wa Probox moja, zile zinazobeba watu na magunia kati ya Merigi na Bomet mjini. Wipa ilianza kuwa slo, hata ukiweka spidi ya juu. Baada ya wiki kadhaa ikaongeza tabia nyingine: ukiizima, haishuki chini. Inasimama palepale ilipokuwa, hata kama ni mbele ya macho ya dere. Shika hizo dalili mbili, ju kila moja ina stori yake.

Anza na fyuzi. Kwa Toyota nyingi, kifuniko cha boksi ya fyuzi kimeandikwa WIP ama WIPER. Itoe, uangalie kama uzi wa ndani umekatika. Lakini elewa hivi: fyuzi haifanyi wipa iwe slo. Ikiungua, wipa inakufa kabisa. Kwa hivyo kama wipa inatembea, hata kwa shida, fyuzi iko sawa na unaweza kuendelea. Kama imeungua, weka nyingine ya namba ileile. Ikiungua tena, acha kuongeza namba, na usithubutu kufunga kipande cha waya wa kopa. Fyuzi inayoungua kila mara inakuambia mota inakazwa na kitu ama kuna waya umegusa bodi. Ukiweka kopa, kitakachoungua next ni waya wenyewe, na hapo unaeza poteza ndai yote.

Kwa Probox yetu fyuzi ilikuwa poa. Hatua ya pili ni vyuma.

Mota ya wipa haishiki mikono ya wipa moja kwa moja. Inasukuma vyuma virefu chini ya kava ya plastiki iliyo chini ya kioo, na vyuma hivyo ndivyo vinazungusha shafti mbili ambazo mikono imefungwa. Maji ya mvua, vumbi na majani hujaa hapo. Shafti ikishika kutu, mota inakuwa kama mtu anasukuma mkokoteni wenye breki imeshika. Si mgonjwa, amechoka tu.

Zima gari, toa funguo. Bandika kipande cha selotepu kwa kioo mahali kila wipa imelala, ndio ukirudisha usikosee. Fungua nati za mikono, kwa kawaida ni spana 12 ama 14, kisha toa kava. Tumia bisibisi bapa kung'oa kile chuma kinachounganisha mota na vyuma virefu. Sasa zungusha shafti kwa mkono. Zinafaa kwenda huku na huku bila kubishana. Zikikaza, umepata mwizi: zitoe, safisha kutu, paka girisi, na usinunue mota yoyote. Usijaribu kusukuma mikono ya wipa kwa nguvu kabla hujang'oa hicho chuma, ju gia ya ndani ya mota haikubali kusukumwa kinyume na unaweza kuivunja.

Kwa hii Probox, shafti zilikuwa laini. Na mota ikiwa imeachiliwa, bila kusukuma kitu chochote, bado ilizunguka kwa uvivu. Hapo vyuma vikatoka kwa orodha ya washukiwa. Swali likabaki: mota ni mgonjwa, ama inakosa chakula?

Chakula ya mota ni volti, na hapa ndipo wengi huchezwa. Watu huchomoa plagi ya mota, wanadunga mita kwa plagi, wanaona volti 12, wanasema "moto unafika, mota ndio mbaya." Zii. Plagi ikiwa imechomolewa hakuna kazi inafanyika, na hata waya uliooza utakuonyesha volti 12. Ni kama paipu ya maji iliyoziba nusu: ukifunga mfereji presha inaonekana sawa, ukifungua ndio unaona maji yanadondoka tu. Pima plagi ikiwa imechomekwa na mota inazunguka. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi, mahali waya unaingilia. Vidole na nguo viwe mbali na vyuma, havina huruma.

Injini ikiwa inanguruma, betri ya Probox ilisoma volti 14.0. Lakini kati ya waya wa spidi ya chini na bodi ya mota, mita ilisoma 10.6 pekee. Zaidi ya volti tatu zimepotea njiani. Kuzitafuta, ncha moja ikawekwa kwa hasi ya betri na nyingine kwa bodi ya mota yenyewe. Kama athi ni safi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, hapo unafaa kuona karibu sifuri. Mita ikasoma 2.9.

Kesi imeisha, angalau nusu yake. Bolti iliyofunga waya wa athi ya mota ilikuwa na kutu na rangi chini yake. Ikafunguliwa, chuma kikasuguliwa kwa msasa hadi kikang'aa, ikakazwa tena na kupakwa girisi juu. Kipimo cha pili: athi 0.1, mota inapata 13.4. Wipa ikaruka kama ya gari mpya. Gharama ni karatasi ya msasa.

Sa, kama athi yako ni safi lakini volti bado ni chini, ama hazifiki kabisa, geukia swichi, ile stiki iko kwa usukani. Washa funguo, weka spidi ya chini, uangalie kama waya wa chini unapata moto. Weka ya juu, uangalie waya wa juu. Kwa Toyota nyingi za aina hii, plagi ya mota pia ina waya unaopata moto wakati wote funguo imewashwa. Kama huo una moto lakini waya za spidi hazina, shida iko kwa swichi ama waya kati yake na mota. Fungua kava ya usukani upime hapo pia: moto ukiingia kwa swichi na usitoke, swichi imeisha. Moto ukitoka na usifike kwa mota, tafuta waya uliokatika. Na kama spidi moja inafanya na nyingine imekataa ilhali waya zote mbili zinapata moto, swichi haina hatia, shida iko ndani ya mota.

Tahadhari moja: magari mengine, hasa mapya, hutumia kompyuta kuendesha wipa. Kwa hayo usianze kuunganisha waya ovyo ovyo. Tafuta ramani ya waya ya hilo gari kwanza.

Tumebaki na ile dalili ya pili ya Probox: ukizima, wipa inasimama katikati. Hii haina uhusiano na athi. Ndani ya mota kuna kisahani kinachozunguka pamoja na gia, na vidole vidogo vya shaba vinavyokigusa. Kazi yake ni kuiambia mota "usisimame bado, hujafika nyumbani." Ukizima swichi, vidole hivyo huendelea kuipa mota moto hadi wipa ilale chini, halafu vinaukata. Vikichafuka, moto unakatika mara tu unapozima, na wipa inaganda pale ilipo. Na wipa ikikataa kabisa kuzima, mara nyingi ni vidole hivyohivyo vimekwama upande ule mwingine.

Jinsi ya kuhakikisha: simamisha wipa katikati, swichi ikiwa imezimwa lakini funguo imewashwa. Waya wa moto wa kudumu ukisoma volti 12, na waya wa kurudisha wipa nyumbani ukisoma sifuri, vidole havigusi. Kwa Probox ilikuwa hivyo. Mota ikatolewa, kifuniko cha gia kikafunguliwa, na ndani girisi ya miaka ilikuwa imekauka nyeusi kama lami juu ya kisahani. Ikapanguzwa kwa kitambaa, shaba ikasuguliwa kidogo kwa msasa laini, vidole vikainuliwa kiasi ndio viguse vizuri, na girisi mpya ikawekwa kwa meno ya gia pekee.

Kabla ya kurudisha vyuma, mota ilichomekwa, ikafungwa athi, ikawashwa kisha ikazimwa ndio ijilaze yenyewe. Usiruke hii hatua. Ukifunga mikono kabla mota ijue nyumbani ni wapi, wipa italala juu ya kioo ama igonge fremu siku ya kwanza. Baada ya hapo mikono ikafuata alama za selotepu, na kazi ikaisha.

Basi ni lini mota ni ya kubadilishwa kweli? Ni pale vyuma viko laini, athi ni safi, inapata volti 13 na bado inajikokota, ama inaanza tu ukiigonga. Hiyo ya kugonga inamaanisha kaboni za ndani zimeisha. Fundi wa umeme anaweza kuweka kaboni mpya kama sehemu zinazozigusa hazijalika. Zikiwa zimelika, ama gia imekatika meno, nunua nyingine. Ukinunua ya mtumba, mwambie muuzaji aiunge kwa betri mbele yako, uone spidi zote mbili kabla utoe ganji.

Na usijaribu kwa kioo kikavu. Mwaga maji kwanza, ama subiri saa kumi. Merigi yatakuja tu.