Karatasi Moja Inayosimamia Duka Zima

Mkataba wa pango la duka katikati ya Nairobi huweza kufika kurasa arobaini. Mwenye jengo ana nakala yake, mpangaji ana yake, wakili naye ana yake. Meneja wa jengo lenye wapangaji hamsini ana kabati zima la mikataba. Mpangaji anapopiga simu Ijumaa jioni kuuliza kama paa linalovuja juu ya stoo yake ni mzigo wake au wa mwenye jengo, hakuna atakayeketi kusoma kurasa arobaini huku simu iko sikioni. Ndiyo maana ofisi zinazojua kazi hii hutengeneza muhtasari wa kila mkataba: karatasi moja yenye tarehe, kodi, na nani anawajibika kwa nini.

Kutoka mbali inafanana na fomu. Jina la mpangaji hapa, kiasi cha kodi pale, tarehe ya mwisho chini. Ofisi nyingi humpa kazi hiyo karani mgeni aliyeanza wiki iliyopita, ajaze nafasi zilizo wazi. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, kwa sababu mengi yanayotakiwa kwenye karatasi hiyo hayakuandikwa kokote ndani ya mkataba. Lazima yakokotolewe, na anayekokotoa lazima awe ameelewa alichosoma.

Tuchukue duka moja la nguo. Ni mfano wa kutunga, ila vipengele vyake ni vya kawaida sokoni. Mkataba unaanza tarehe 1 Aprili 2021 na ni wa miaka mitano na miezi mitatu. Miezi mitatu ya kwanza mpangaji halipi kodi, maana anatengeneza rafu, taa na kioo cha mbele. Kuanzia tarehe 1 Julai 2021 analipa shilingi 120,000 kwa mwezi, bila kuhesabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kodi ya pango itapanda kwa asilimia 10 kila baada ya miaka miwili. Dipoziti ni kodi ya miezi miwili. Akitaka kuendelea, mpangaji anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi angalau miezi sita kabla ya mkataba kwisha.

Karani wetu ataandika: "Kodi 120,000, inapanda asilimia 10 kila miaka miwili." Hajasema uongo. Lakini miaka miwili hiyo inaanza kuhesabiwa lini? Ikihesabiwa tangu mkataba ulipoanza, kodi inafika 132,000 tarehe 1 Aprili 2023 na 145,200 tarehe 1 Aprili 2025. Ikihesabiwa tangu mpangaji alipoanza kulipa, kila ongezeko linachelewa miezi mitatu. Miezi mitatu ya kwanza ina tofauti ya 12,000 kila mwezi, na ya pili 13,200 kila mwezi. Jumla ni shilingi 75,600 kwa duka moja tu. Wenye majengo hudai tarehe ya mapema, wapangaji hushikilia ya baadaye, na mara nyingi kila mmoja anaamini kabisa kwamba mkataba uko upande wake.

Kwa hiyo sehemu ya kodi kwenye muhtasari haiandikwi kwa asilimia. Inaandikwa kwa jedwali: kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, shilingi kadhaa. Pembeni ya jedwali panawekwa namba ya kipengele cha mkataba kilichotoa tarehe hizo. Na kama lugha ya mkataba haieleweki, maneno yenyewe yananakiliwa kama yalivyo na kuwekwa alama ya kuuliza, kisha wakili anaulizwa. Mtayarishaji mwenye busara hachagui tafsiri kwa niaba ya mwajiri wake halafu akaificha ndani ya tarakimu safi. Tarakimu ikishaingia kwenye mfumo wa ankara, miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa kubahatisha.

Dipoziti nayo ina mtego wake. Mikataba mingi husema dipoziti iwe sawa na kodi ya miezi kadhaa "kwa kiwango cha wakati huo". Katika duka letu, dipoziti ya kwanza ni 240,000. Kodi ikifika 145,200, inatakiwa kuwa 290,400. Pengo ni 50,400, na halionekani mpaka siku mpangaji anapoondoka ameacha ukuta umetobolewa na bili za maji hazijalipwa. Muhtasari mzuri huweka nyongeza ya dipoziti kwenye mstari uleule wa jedwali la kodi, ili anayetuma ankara mpya atume na dai hilo siku hiyohiyo.

Halafu kuna mwisho wa mkataba. Tarehe 1 Aprili 2021, ukiongeza miaka mitano na miezi mitatu, inakufikisha tarehe 30 Juni 2026. Miezi sita kabla ya hapo ni tarehe 30 Desemba 2025, katikati ya likizo, wakati ofisi nusu zimefungwa na meneja yuko kijijini kwao. Tarehe hiyo haimo kwenye mkataba. Mkataba una maneno "angalau miezi sita" tu. Asipoikokotoa mtu na kuiandika, mpangaji ataikumbuka Februari. Meneja anayefanya kazi vizuri huandika tarehe yenyewe, na chini yake tarehe ya kukumbushwa, tuseme mwezi mmoja au miwili kabla. Ukiniuliza, hiyo ya pili ndiyo yenye faida zaidi, maana tarehe ya mwisho ikifika bila maandalizi inakuwa habari tu.

Lakini kwa nini miaka mitano na miezi mitatu? Mgeni katika biashara hii hudhani mtu alikosea kuhesabu. Sababu iko kwenye sheria ya Kenya ya mwaka 1965 kuhusu wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inayojulikana kwa mawakili kama Sura ya 301. Chini ya sheria hiyo, upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa. Mwenye jengo hawezi kumtoa mpangaji wala kubadili masharti kwa kumuumiza bila kutoa taarifa kwa fomu iliyowekwa, ya muda usiopungua miezi miwili na yenye sababu ambazo sheria inazikubali. Mpangaji asiporidhika anakwenda kwenye baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Wenye majengo waliona njia rahisi ya kukwepa: uvuke miaka mitano, hata kwa miezi michache. Ndiyo asili ya ile miezi mitatu.

Wengi husahau kwamba sheria hiyo ina mlango wa pili. Hata mkataba ukivuka miaka mitano, bado upangaji unalindwa kama ndani yake kuna kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka mitano ya kwanza kwa sababu isiyo ya kukiuka masharti. Sasa rudi kwenye duka letu la nguo. Tuseme kwenye ukurasa wa thelathini na tatu, katikati ya vipengele kuhusu anwani za barua na namna ya kutuma taarifa, kuna sentensi moja: baada ya miezi thelathini na sita, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya miezi sita. Pengine mpangaji ndiye aliyeiomba wakati wa majadiliano, na hakuna aliyeona ubaya.

Sentensi hiyo inabadilisha karatasi nzima. "Mwisho 30 Juni 2026" si mwisho tena, kwa kuwa mpangaji anayelindwa haondoki kwa sababu tu kalenda imefika. Taarifa ya tarehe 30 Desemba haina makali yaleyale, kwani hata akiikosa, bado yumo dukani kihalali mpaka sheria ifuatwe. Mwenye jengo aliyempa mpangaji mwingine ahadi ya duka hilo kuanzia Julai ameahidi kitu asichonacho. Karani aliyejaza fomu hakuona chochote, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na haikuwa na nafasi ya kuuliza kama mtu anaweza kutoka katikati.

Kwa hiyo kila muhtasari wa duka la Kenya unahitaji mstari unaosema wazi: je, kuna kipengele cha kutoka mapema, ni cha nani, kuanzia lini, kwa taarifa ya muda gani, na je, upangaji huu unalindwa? Kama hakuna kipengele hicho, iandikwe "hakuna, mkataba wote umesomwa". Nafasi iliyoachwa tupu haisemi kama mkataba hauna kitu hicho au msomaji alichoka kabla ya kukifikia, na meneja anayeisoma baada ya mwaka mmoja hana namna ya kujua.

Majukumu yanahitaji nafasi ndogo zaidi, lakini yaandikwe kwa vitu vinavyogusika. "Matengenezo: mpangaji" halimsaidii yule aliyepigiwa simu kuhusu paa. "Paa, kuta za nje na mabomba makuu: mwenye jengo. Shata, kioo, vyoo vya ndani, rangi kila mwaka wa tatu na miezi mitatu kabla ya kuondoka: mpangaji" linamsaidia. Vivyo hivyo kwa ada ya huduma za jengo, yaani walinzi, lifti, jenereta na usafi. Duka la futi za mraba 800 kwenye jengo lenye futi 16,000 za kupangisha hubeba asilimia 5. Iandikwe asilimia hiyo, imetokana na vipimo gani, na mwenye jengo anatakiwa kutoa hesabu za mwaka lini.

Katika kusoma, wazoefu huanzia nyuma ya faili. Barua ya mwisho kabisa ndiyo inayofunguliwa kwanza, kisha ile iliyotangulia, hadi kufika kwenye mkataba wenyewe. Wakati wa korona, kwa mfano, wenye majengo wengi walikubali kupunguza kodi kwa barua fupi za ukurasa mmoja. Nyingine zilisema punguzo ni la miezi kadhaa, nyingine hazikusema linaisha lini. Anayeanza na mkataba huandika kodi ya mkataba, anaridhika, na barua inabaki chini ya kibanio. Dalili ya kosa hili ni nyepesi kuiona: linganisha kodi iliyo kwenye muhtasari na fedha zilizoingia benki miezi mitatu iliyopita. Zikitofautiana, ama mpangaji ana deni au faili lina barua ambayo hukuisoma.

Chini kabisa ya karatasi huwekwa jina la aliyesoma, jina la aliyehakiki, tarehe, na orodha ya hati zilizotumika. Anayehakiki hasomi muhtasari peke yake. Anafuata kila namba ya kipengele hadi kwenye mkataba na kuona kama maneno yanalingana. Kazi hiyo huchukua muda, na wenye majengo hulalamika kulipia kitu ambacho tayari kimeandikwa. Malalamiko hayo huisha jengo linapouzwa. Mawakili wa mnunuzi huomba muhtasari wa kila duka, kisha humtaka kila mpangaji athibitishe kwa saini kodi anayolipa, dipoziti aliyoweka na siku mkataba wake unapokwisha. Penye tofauti kati ya karatasi ya meneja na saini ya mpangaji, mnunuzi hushusha bei au huzuia sehemu ya malipo hadi tofauti hiyo itatuliwe.