Mkono Wenye Nguvu Usiojua Kusimama

Peleka kidole cha shahada puani, upesi. Kimefika na kutua papo hapo bila wewe kukifikiria. Lakini mkono ukishaanza safari una kasi, na msuli wa kuuzuia lazima ukaze kabla kidole hakijafika. Ukingoja macho yaone kuwa kimefika ndipo uuzuie, umechelewa. Kidole kimeshakugonga usoni.

Anayekisia wakati wa kufunga breki ni ubongo mdogo, ulioko nyuma ya kichwa, usawa wa kisogo. Una uzito wa gramu 150 hivi, ilhali umebeba zaidi ya nusu ya seli za neva za ubongo mzima. Amri ya kusogea haitoki kwake, hutoka kwenye ubongo mkubwa. Wenyewe hupata nakala ya amri hiyo, hupata na habari za misuli na viungo, kisha hurekebisha mwendo ungali njiani.

Ukidhurika, mtu hapoozi. Daktari Gordon Holmes wa jeshi la Uingereza aliona hayo kwa askari waliopigwa risasi kisogoni katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1917 akayachapisha. Aliyeumia upande wa kulia aliharibikiwa mkono wa kulia, si wa kushoto. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kwamba mkono wa kushoto unajiendea wenyewe, bali wa kulia lazima aufikirie hatua kwa hatua.

Hali hiyo huitwa ataksia. Mpe mgonjwa kikombe cha chai: mkono unatulia ukiwa pajani, unaanza kuyumba ukinyooshwa, na unatetema zaidi kadiri unavyokikaribia kikombe. Breki imechelewa, mkono ukapitiliza. Anaurudisha, unapitiliza tena upande wa pili. Hapo ndipo unapotofautiana na mtetemo wa ugonjwa wa Parkinson, ambao huonekana hasa mkono ukiwa umepumzika. Akitembea hutanua miguu na kupepesuka. Maneno humtoka yakiburutika, au yamekatwa silabi silabi.

Ndiyo maana wengi wao huitwa walevi, na hilo huniuma. Kufanana kupo kweli, kwa kuwa pombe huvuruga ubongo mdogo huo huo. Lakini anayetumia dawa ya kifafa ya fenitoini naye hupepesuka dozi ikizidi, na kipimo cha damu hulionyesha hilo.

La hatari zaidi ni kiharusi cha sehemu hiyo. Mgonjwa anaweza kukukamata mkono kwa nguvu zote na uso wake usipinde, ila ghafla hawezi kusimama, anatapika, kichwa kinamuuma. Ubongo mdogo ukivimba hukandamiza shina la ubongo, linaloendesha pumzi. Ukimwona mtu hivyo, usimlaze ati alevuke. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari ilianza saa ngapi.