Kupanga Kipindi cha Tamthilia kwa Picha Tuli

Picha tuli ni mbinu ya darasani ambapo kikundi cha wanafunzi huchagua nukta moja ya onyesho, kila mmoja akashika umbo la mhusika wake, kisha wote wakaganda kwa sekunde chache huku wenzao wakiwatazama. Hakuna maneno wala mwendo. Kwa kuwa mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya maneno ya kitabu, hulazimika kuamua mambo ambayo msomaji wa haraka huyaruka: nani yuko karibu na nani, nani anamtazama nani, na nani anaepa macho.

Maandalizi huanza kwenye swali. Katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, onyesho la gerezani linafaa sana. Kinjeketile ametakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, anamsihi akubali. Yeye anakataa. Swali la kipindi ni moja: kwa nini mtu aliyekwisha kulitilia shaka lile neno la maji akatae kulikana? Likikosekana swali la namna hii, kipindi hugeuka shindano la kujikunja mwili.

Baada ya swali, mwalimu huchagua nukta mbili tu: pale Kitunda anapomsihi, na pale Kinjeketile anapokataa. Nukta nzuri ni ile ambayo jambo linageuka. Hapa pana tatizo, kwa kuwa onyesho lina wahusika wachache na kikundi kina wanafunzi sita. Wanaobaki wasifanywe kuta za gereza. Wapewe nafasi ya watu wanaotajwa lakini hawapo: waliokufa vitani, na watoto wa kesho ambao Kinjeketile anawafikiria anapokataa. Kikundi kikishaamua pa kuwaweka, nyuma ya Kinjeketile au mbele ya macho yake, tayari kimeanza kulijibu swali.

Kwa darasa la wanafunzi 48 na kipindi cha dakika 80, dakika 10 za mwanzo ni za kusoma onyesho kwa sauti. Kisha vikundi vinane vinatengeneza picha ya kwanza kwa dakika nne, na ya pili kwa muda uo huo. Muda mfupi ni wa makusudi: wanafunzi wakipewa dakika 15 hubishana wamekaa, wakasimama dakika ya mwisho. Kila kikundi kiweke kidole kwenye mstari wa kitabu kinachoitegemeza picha yake. Mwalimu anahesabu hadi tatu na vikundi vinne vinaganda pamoja, vingine vinne vikizunguka kutazama. Sekunde 10 zinatosha. Aliyesimama kwa mguu mmoja au kuinua mikono juu atatikisika kabla ya hapo, kwa hiyo uzito uwe kwenye miguu yote miwili na macho yatulie mahali pamoja. Askari akiinua mkono, usimfikie mtu. Picha inashikwa kabla ya pigo.

Sehemu nono ni mazungumzo ya watazamaji, nayo ndiyo huharibiwa mara nyingi. Mwalimu akiwauliza waigizaji kwanza walimaanisha nini, watazamaji huacha kutazama. Waanze wao, kwa kinachoonekana tu: Kitunda amepiga goti, Kinjeketile amegeuza uso. Ndipo waseme kinawaambia nini. Tuseme kikundi kimempigisha Kitunda goti. Mwenzao mmoja anaweza kupinga kwamba rafiki anayeshauri husimama sawa na mwenzake. Ubishi huo unawarudisha kitabuni kupima kama Kitunda anaomba au anaonya. Baadaye mwalimu anamgusa begani mmoja wa walioganda, naye anatamka sentensi moja ya mawazo ya mhusika. Wa mwisho kuguswa awe mmoja wa watoto wa kesho.

Picha dhaifu hutambulika haraka: nyuso zote zimeelekea hadhira, vichwa vyote viko kimo kimoja, na hakuna anayeweza kuonyesha mstari. Dawa si kukemea. Kikundi kiambiwe kibadilishe kitu kimoja, kwa mfano umbali kati ya marafiki wawili, na darasa liseme maana imehamia wapi.

Hata hivyo, picha tuli haiwezi kubeba hoja. Kukataa kwa Kinjeketile kunajengwa kwa mabishano, sentensi juu ya sentensi, na mwili ulioganda huonyesha uamuzi bila njia iliyoufikia. Ndiyo maana dakika 20 za mwisho ni za kusoma tena mabishano hayo, kisha kila mwanafunzi kuandika aya moja inayojibu swali kwa ushahidi wa mistari miwili, mmojawapo ukiwa ule uliotegemeza picha ya kikundi chake.