Herufi zenye kivuli: isome karatasi kabla ya kupanga hedi

Mtihani wa Hisabati ukitoka kwenye printa mbovu, 3 husomeka 8, alama ya desimali hupotea ndani ya tarakimu ya jirani, na mstari wa jedwali hukatika vipande vilivyopishana. Wenye steshenari wengi, kuanzia Kibiti na Ikwiriri hadi Mkongo, wakiona hivyo hufungua kompyuta na kuanza kupanga hedi, yaani kile kichwa kinachotema wino. Isipokubali, wanaosha hedi. Isipokubali tena, wanaosha mara ya pili, na wino unaoishia kwenye sponji la taka ni wino ulionunuliwa kwa pesa.

Kupanga hedi ni dawa nzuri kwa ugonjwa wake. Zoezi lile huifundisha printa kosa ambalo halibadiliki, ili ilifidie katika kila ukurasa. Kosa likiwa linabadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine, hakuna namba unayoweza kuipa printa ikatosha. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kosa limetulia au linahama? Jibu lake liko kwenye karatasi yenyewe, na sehemu kubwa ya jibu hilo ni upande ambao mistari imehamia.

Tuanze na mistari ya wima. Hedi ya printa ya wino husafiri kushoto na kulia, na kwa kawaida huchapa ikienda na ikirudi. Tone la wino haliangukii pale lilipoachiwa. Abiria wa bodaboda akidondosha chungwa, chungwa huanguka mbele kidogo ya pale mkono ulipoachia, kwa sababu lilikuwa na mwendo wa pikipiki. Tone nalo hubeba mwendo wa hedi. Likitemwa hedi ikienda kulia, hutua kulia zaidi. Hedi ikirudi, hutua kushoto zaidi. Printa inalijua hilo, hivyo hutema mapema kidogo kila upande ili matone ya kwenda na ya kurudi yakutane kwenye mstari mmoja.

Hesabu hiyo hutegemea umbali kati ya hedi na karatasi. Tuchukue mfano: hedi inakwenda mita 0.5 kwa sekunde, tone linashuka mita 5 kwa sekunde, na nafasi kati yao ni milimita 1.5. Tone litasogea mbele milimita 0.15 kabla ya kutua. Sasa karatasi ikijikunja na kuinuka milimita 1, tone litatua mapema, likiwa limesogea milimita 0.05 tu. Limepungukiwa milimita 0.1. Hedi ikirudi, upungufu ni uleule lakini upande wa pili, kwa hiyo mstari mmoja unagawanyika kwa milimita 0.2. Herufi ya ukubwa wa kawaida wa mtihani ina mguu wenye unene wa chini ya nusu milimita. Jicho litaona herufi mbili, moja kivuli cha nyingine.

Karatasi huinuka kwa sababu ya unyevu, na ukanda wa Rufiji hauna uhaba wa unyevu, hasa masika ya Machi hadi Mei. Rimu iliyofunguliwa na kuachwa mezani hunywa unyevu kuanzia kingoni, kingo zinavimba, karatasi inapata mawimbi. Ndiyo maana kivuli cha namna hii mara nyingi huwa kikali pembeni mwa ukurasa na hafifu katikati. Hedi iliyopotea mpangilio huharibu ukurasa mzima kwa kiasi kilekile.

Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha. Kwenye setingi za draiva, printa nyingi za wino zina kisanduku kinachoitwa `Bidirectional Printing`, au `High Speed`. Kiondolee alama ya tiki na uchape ukurasa uleule. Sasa hedi itachapa ikienda upande mmoja tu. Itachukua muda zaidi, lakini matone yote yatasogea upande mmoja. Mistari ya wima ikinyooka, umepata uhakika kwamba tatizo ni kutokukutana kwa matone ya kwenda na ya kurudi. Mistari ikiendelea kuhama, angalia utepe mwembamba wa plastiki angavu uliotandazwa nyuma ya hedi. Una mistari midogo sana ambayo hedi huihesabu ili ijue ilipo. Tone la grisi au wino juu yake huifanya hedi ikosee hesabu. Upanguse taratibu kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Tina na petroli huua mistari hiyo.

Sasa tuje kwenye mistari ya mlalo. Ukiona mistari ya maneno imesongamana, herufi zimefupishwa kwa juu, au mkanda mweusi unapita pale ambapo mkupuo mmoja wa hedi umeupanda mwingine, hedi haina kosa. Karatasi haikusogea kiasi ilichoambiwa isogee.

Hapa rola mbili huchanganywa sana. Ya kwanza ni rola ya mpira inayochukua karatasi kutoka kwenye trei. Ikichakaa, karatasi haiingii, zinaingia mbili, au inaingia kwa upande na maandishi yote yanakaa mshazari. Ya pili iko ndani zaidi, kabla tu ya hedi: kwenye printa nyingi za wino ni fimbo ya chuma yenye ngozi ya chengachenga, ikikandamizwa na vigurudumu vidogo kwa juu. Hiyo ndiyo inayoisogeza karatasi hatua kwa hatua wakati wa kuchapa. Vumbi la karatasi likijaza zile chengachenga, au vigurudumu vikipoteza mkandamizo, karatasi huteleza. Rola ya mpira ikiwa mpya kabisa, bado mistari itasongamana. Wengi wamebadilisha rola ya trei kwa tatizo la fimbo.

Kuteleza kunapimika kwa rula. Tengeneza ukurasa wenye mistari miwili ya mlalo iliyoachana milimita 200 na uuchape kwa `Actual size`, maana `Fit` itabadilisha vipimo. Chapa nakala tatu, kisha pima. Zote zikitoka 199, kosa limetulia, na baadhi ya printa huweza kulifidia kwenye `Horizontal Alignment`. Zikitoka 198.5, 199.5 na 199, karatasi inateleza. Kuna ishara nyingine inayofaa kujulikana: mkanda unaotokea mahali palepale kila ukurasa, sentimita mbili au tatu kutoka chini. Hapo mkia wa karatasi unaiacha fimbo ya chuma na kubaki mikononi mwa rola za kutolea pekee. Kasoro hiyo huelekeza kwenye rola za kutolea, na mara nyingi njia rahisi ni kuongeza nafasi tupu chini ya ukurasa.

Printa moja ya wino ya steshenari ya Mkongo ilinionyesha makosa yote mawili kwa pamoja. Ilikuwa inachapa mitihani ya nusu muhula, masika yakiwa yamekolea. Jedwali la takwimu lilikuwa limegawanyika pembeni, na katikati ya ukurasa kulikuwa na swali ambalo mistari yake miwili ilikuwa imepandana. Mwenye printa alinieleza kitu kilichonisaidia kuliko kurasa zenyewe. “Fundi, kila nikipanga hedi inanipa jibu tofauti. Asubuhi kisanduku kizuri ni namba 4, mchana ni namba 7.” Hedi yenye kosa lililotulia haibadilishi jibu kati ya asubuhi na mchana. Karatasi ya kupangia nayo ilikuwa na mawimbi na ilikuwa inateleza, kwa hiyo zoezi lilikuwa linapima unyevu na vumbi.

Tulizima `Bidirectional Printing`. Mistari ya wima ya jedwali ikanyooka, lile swali la katikati likabaki limepandana. Hapo kazi ikagawanyika. Kwa upande wa wima tuliiweka pembeni rimu iliyokuwa wazi, tukafungua nyingine iliyokuwa bado kwenye ganda lake. Kwa upande wa mlalo tulipima milimita 200, na nakala mbili hazikufanana. Tulizima printa na kuchomoa waya wa umeme, tukapangusa fimbo ya chuma na vigurudumu vyake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa, huku tukiizungusha gia kidogo kidogo kwa kidole. Kitambaa kilitoka na utelezi wa kijivu, mchanganyiko wa unga wa karatasi na vumbi la barabara ya Mloka. Baada ya kukauka, vipimo vikatulia kwenye 200. Hapo ndipo tulipochapa `Nozzle Check` kuhakikisha matundu yote yanatema, kisha tukapanga hedi. Tulirudia zoezi, na jibu likawa lilelile. Tukawasha tena `Bidirectional Printing`, na mtihani ukatoka safi.

Kuna desturi ya kukwangua rola ya mpira kwa msasa ili irudishe makali. Kwa rola ya trei inaweza kukuvusha siku chache. Kwa rola inayopima hatua ya karatasi ni hasara. Rola ya kipenyo cha milimita 12 ikipunguzwa kipenyo kwa milimita 0.1 tu, mzingo wake hupungua kwa karibu asilimia 0.8, na milimita 200 zako zinakuwa 198 na kitu, kwenye kila ukurasa. Mpira ulioanza kung'aa pangusa kwa maji kwanza. Uliopasuka au kukauka ukawa mgumu, badilisha.

Printa za leza zina kivuli cha aina yake, na za nyeusi pekee hazina hedi ya kupanga. Kivuli chake ni alama ya neno linalorudia chini zaidi kwenye ukurasa uleule. Pima umbali kati ya neno na kivuli chake. Kwenye nyingi ndogo za mezani, umbali wa milimita 75 hivi ni mzunguko mmoja wa dramu, na dramu iko ndani ya katriji. Badilisha katriji kwanza. Umbali ukiwa tofauti na huo, shuku fyuza inayogandisha tona kwa joto, au karatasi yenye unyevu ambayo tona haikuishika vizuri.

Kwa wanaochapa mitihani na fomu, utaratibu ni huu: karatasi kavu kwanza, kisha rola, hedi mwisho. Printa ikiwa katika hali nzuri, chapa ukurasa wenye mistari ya wima, ya mlalo na ile alama ya milimita 200, uandike tarehe na uuhifadhi kwenye faili. Siku herufi zitakapopata kivuli, chapa tena na uulaze juu ya ule wa zamani, uuangalie dhidi ya mwanga. Utaona mara moja ni upande gani umehama, na utajua ufungue mfuniko upi kabla hujagusa kompyuta.