Daftari la Msusi

Kila akimaliza kusuka rasta za shilingi 30,000, bosi wake huchukua nusu. Kwa vichwa sita kwa wiki, msusi huyu wa Manzese hubaki na 360,000 kwa mwezi. Jirani kuna fremu ya 150,000, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi.

Basi akaanza kuandika daftarini nani anamfuata yeye, na nani anaingia tu kwa kuwa saluni iko barabarani. Wanaomfuata ni wanne. Hao watamletea 480,000. Toa kodi, zinabaki 330,000, na umeme bado. Wakifika watano, hesabu inageuka.

“Dada, ukihama utaniambia?” mteja mmoja alimnong'oneza.

Akamtupia bosi jicho, akaendelea kusuka. Namba ya simu aliichukua baadaye, mlangoni.